Soja Anayegeuka Ovyo Hatishi, Anaudhi

Binamu yangu ana miaka 14 na hana adabu ya kuficha anachofikiria. Nilimpa simu acheze demo yangu, ile gemu ya kunyata usiku kwenye vichochoro vya Mji wa Kale. Akashikwa na soja mara ya kwanza, akacheka. Akashikwa mara ya tatu, akanyamaza. Mara ya sita akaiweka simu juu ya kochi pole pole, kama mtu anayerudisha kitu kibovu dukani, akaniambia: "Hii gemu yako yaniibia."

Nilikasirika, wallahi. Nilikuwa nimemaliza wiki tatu kwa huyo soja mmoja. Nikamwambia wewe ndiye huwezi, nenda kacheze mpira wa simu. Halafu usiku nikakaa peke yangu hapa Tudor, feni inazunguka na mbu wanapita, nikacheza kichochoro hicho hicho mara 20. Nikashikwa mara 11. Mimi niliyemtengeneza huyo soja! Na kila nilipojiuliza nimekosea wapi, jibu lilikuwa hakuna nilipokosea. Aligeuka tu.

Kwa hivyo leo nataka kubishana na watu wawili. Wa kwanza ni yule anayesema gemu za kunyata zinatisha pale ambapo mlinzi hatabiriki. Wa pili ni mimi wa mwezi uliopita.

Nilichokuwa nimefanya ni hiki. Soja anatembea kichochoroni kutoka kona ya juu hadi kona ya chini. Kila baada ya sekunde kati ya 5 na 10, kompyuta inarusha kete kimya kimya. Kete ikiangukia upande mbaya, soja anageuka nyuma papo hapo. Nilijisifu sana kwa hilo. Nikasema sasa huyu ni kama mtu wa kweli, huwezi kumkariri.

Tatizo ni kwamba kitu usichoweza kukariri hakikufundishi chochote. Ukishikwa na kete, hujui cha kubadilisha safari ijayo. Unajaribu tena jambo lile lile na kuomba Mungu. Na mtu akishajua kwamba anaomba tu, woga unakwisha. Kilichobaki ni kero. Binamu yangu hakuwa anaogopa soja wangu hata kidogo. Alikuwa amemchukia, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Najua utaniambia: lakini bro, masoja wa kweli hawana ratiba. Haya, hebu tuangalie wa kweli.

Kwetu kwenye ploti kuna mzee anayelinda geti usiku. Nilipokuwa mdogo kidogo na nyumbani kuna sheria ya saa nne, nilimsoma huyo mzee kuliko nilivyosoma kitabu chochote. Anatoka getini, anapita ukuta wa nyuma, anafika kwenye matangi ya maji, anarudi. Kabla ya kukunja kona ya matangi lazima akohoe. Sijui kama ni baridi ama ni kuwaambia wezi "nakuja, ondokeni tusisumbuane". Kikohozi, hatua tatu, tochi inatokea. Nilikuwa naingia nikihesabu hizo hatua, na moyo ulikuwa unanipiga hapa kooni. Nilijua hasa anakuja saa ngapi, na bado nilikuwa natetemeka. Tena nilitetemeka kwa sababu nilijua. Yule ambaye hajui chochote hana cha kuhesabu.

Mwaka jana nikamwambia ukweli, tukacheka. Akaniambia: "Mwanangu, mimi nikikusikia kitambo. Ile changarawe ya pale kwa matangi yapiga kelele. Nikigeukia upande wa pili makusudi." Kumbe nilikuwa nacheza levo rahisi miaka yote hiyo.

Lakini shika hayo mambo mawili, kikohozi na changarawe. Kikohozi kinakuambia yeye yuko wapi. Changarawe inamwambia yeye wewe uko wapi. Gemu nzima ya kunyata imo humo ndani.

Nikafuta kete. Toleo la pili, soja anakwenda na kurudi bila kugeuka popote njiani. Nikampa binamu. Akapita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano, anatembea nyuma ya soja kama mtoto anayefuata mamake Marikiti. Akanirudishia simu akipiga miayo. Haiibi tena, akasema, ila inaboesha. Yaani nilikuwa nimetoa uonevu na hofu ikaondoka nao.

Hapo ndipo nilikaa na karatasi na kuanza kuhesabu vizuri, na nataka nikuonyeshe hesabu yenyewe kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha mawazo.

Kichochoro kina mita 24. Soja huyu, tunamwita Tochi, anatembea mita moja na nusu kwa sekunde, kwa hivyo kutoka juu hadi chini ni sekunde 16. Anasimama sekunde 4, anarudi sekunde 16, anasimama juu sekunde 4 nyingine. Mchezaji amejificha kwenye kijia cha pembeni kule juu. Anataka kufika kwenye mlango ulio upande wa kushoto, mita 12 mbele, katikati kabisa ya kichochoro. Akinyata anakwenda mita 2 kwa sekunde, yaani anahitaji sekunde 6. Na Tochi anasikia kunyata kwako ukimkaribia chini ya mita mbili na nusu.

Sasa angalia toleo lile la pili. Tochi akiondoka kule juu, tuite hapo sekunde 0. Ukimfuata mapema kabla ya sekunde ya 4, utamkaribia mno na atakusikia, maana wewe una kasi kuliko yeye. Lakini kuanzia sekunde ya 4 hadi ya 14 unaweza kuondoka wakati wowote, na utafika mlangoni kabla hajageuka kule chini. Mwanya wa sekunde 10 kwa kazi ya sekunde 6. Hapo unaweza hata kujibu meseji njiani. Ndiyo sababu ya ile miayo.

Toleo la tatu nilimwongezea kitu kimoja tu. Tochi akifika mita ya 15, yaani sekunde ya 10, anasimama. Anakohoa. Sekunde moja baadaye anageuka na kumulika nyuma, kuanzia sekunde ya 11 hadi ya 13. Halafu anageuka mbele na sekunde ya 14 anaendelea na safari yake. Anafika chini sekunde ya 20, anasimama hadi ya 24, anarudi. Mzunguko wote umekuwa sekunde 44. Kila mara ni hivyo hivyo, bila kete.

Ona kilichotokea kwa ule mwanya mrefu. Umekatika vipande viwili. Ukiondoka sekunde ya 4, unafika mlangoni sekunde ya 10, wakati ule ule Tochi anakohoa, yuko mita 3 mbele yako. Una nafasi ya sekunde moja tu ya kuanza, kati ya 4 na 5. Ukiikosa, tulia mahali pako, acha tochi ipite, uondoke kati ya sekunde ya 13 na ya 18. Hapo una sekunde 5 nzima. Kuna njia ya mtu mwenye haraka na kuna njia ya mtu mvumilivu, na zote mbili zinaonekana kwa macho ukitazama mzunguko mmoja tu.

Binamu alishikwa mara ya kwanza. Mara ya pili akasikia kikohozi, akasema "alaa". Mara ya tatu akasubiri, akapita. Halafu, na hapa ndipo nilijua nimepata, akaanza upya kwa hiari yake ili ajaribu ile njia ya sekunde moja. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameinama juu ya simu, ulimi nje, anahesabu kwa midomo.

Kikohozi hicho kinafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Nilijaribu kukiondoa na kuacha kila kitu kingine vile vile. Soja akawa anageuka sekunde ile ile ya 11 kila mzunguko, lakini bila dalili. Kimahesabu ni haki tupu, maana hakubadilika. Lakini waliocheza wote watatu walilalamika kwamba anageuka ghafla. Ratiba peke yake haitoshi, mtu hachezi na saa mkononi. Kila jambo baya ambalo soja atakufanyia linahitaji kitu kidogo kinacholitangulia, kinachosikika ama kuonekana, na muda wa kutosha kati ya hivyo viwili ili uamue. Sekunde moja ilinitosha. Nilipojaribu robo sekunde, watu walikisikia kikohozi lakini vidole havikuwahi.

Hili si jambo nililovumbua mimi. Ukicheza Metal Gear ya kwanza, ya 1987, walinzi wanaona kwa mstari ulionyooka tu. Ukisimama hatua moja pembeni ya mstari, hakuoni hata kama mko karibu. Ni upuuzi ukilinganisha na macho ya mtu, lakini unaelewa kanuni ndani ya dakika moja. Commandos ya 1998 ilikuruhusu uchague adui mmoja na kuona eneo lote analolitazama limepakwa rangi chini. Mark of the Ninja ya 2012 ikaenda mbali zaidi, ikachora duara kuonyesha kelele yako itafika wapi kabla hujaipiga. Wote hao wamekuonyesha silaha ya adui waziwazi, na hakuna aliyecheza akasema haikumtisha.

Sasa tuje kwenye kuonwa kwenyewe. Hapa pia nilikuwa mjinga. Kwenye demo yangu ya kwanza, ukiguswa na mwanga wa tochi hata kwa fremu moja, umekwisha. Nilidhani huo ndio ukali. Kumbe ukali wa aina hiyo unamfanya mchezaji asithubutu chochote, anakaa gizani dakika nzima akingoja uhakika. Uoga wa namna hiyo hauna raha.

Nikaweka kipimo cha shaka. Soja akikuona, shaka yake inapanda kutoka 0 hadi 1, na inapanda haraka kadiri ulivyo karibu naye. Ikifika 1 ndipo anapiga kelele. Ukitoka machoni mwake, inashuka pole pole. Kwenye Godot ni mistari hii tu:

```gdscript
if anakuona:
    shaka += 4.0 / max(umbali, 1.0) * delta
else:
    shaka -= 0.25 * delta
shaka = clamp(shaka, 0.0, 1.0)
```

Maana yake, ukisimama mita 8 kutoka kwake una sekunde 2 kabla hajawa na uhakika. Mita 4, una sekunde 1. Mita 2, nusu sekunde. Na shaka iliyojaa inahitaji sekunde 4 kuisha.

Rudi kichochoroni na mtu aliyechelewa. Aliondoka sekunde ya tano na nusu badala ya ya 5. Tochi inageuka sekunde ya 11 ikimkuta amebakiza mita moja afike mlangoni. Kwa nusu sekunde yuko kwenye mwanga, shaka inapanda kupita nusu ya kipimo, halafu amezama mlangoni. Soja ananung'unika, "Nani hapo?" Mchezaji anabaki ndani ya kivuli akiwa hajashikwa na hajapona. Lakini aliyechelewa sekunde nzima, kipimo kinamjalia pale pale kizingitini. Ameshikwa, na anajua kabisa ni kwa sababu gani.

Ile nusu sekunde ya msamaha ndiyo sehemu inayotisha kuliko zote kwenye demo yangu. Nimeangalia nyuso za watu wakicheza. Hawakunji uso wakishikwa. Wanakunja uso wanapokaribia kushikwa.

Kuna kosa lingine hapa ambalo nililiona kwa kuchelewa, nalo ni umbo la macho ya soja. Watu wengi tunachora pembetatu, nyembamba usoni pake na pana kule mbali. Inaonekana sawa kwenye karatasi. Ukicheza, unagundua ni kinyume cha ukweli: unaweza kusimama bega kwa bega na soja bila kuonwa, kwa sababu karibu naye pembetatu ni nyembamba, halafu anakuona ukiwa mbali kule pembeni ambako mtu wa kawaida asingekutambua. Waliotengeneza Splinter Cell: Blacklist, ya 2013, walikumbana na jambo hili, wakatumia umbo linalofanana na jeneza: linapanuka haraka karibu na mlinzi, halafu linaanza kubana kadiri linavyokwenda mbali. Nilijaribu kwa Tochi na malalamiko ya "ameniona vipi?" yakapungua siku hiyo hiyo.

Soja mmoja ni rahisi. Balaa lilianza nilipoleta wa pili.

Ule mlango wa kushoto unaingia kwenye kijia kifupi kinachotokea uani. Huko uani nikamweka soja mwingine, Filimbi, anayepita mbele ya kijia na kuendelea. Nikampa mzunguko wa sekunde 30 kwa sababu ilikuwa namba nzuri ya duara. Nikajaribu, nikapita. Nikajaribu tena kwa kufanya vile vile kabisa, nikatua mikononi mwa Filimbi. Mara ya tatu nikapita tena. Nikafikiri nina hitilafu mahali, nikatafuta usiku kucha.

Hakukuwa na hitilafu. Ilikuwa hesabu ya shule ya msingi. Mmoja anazunguka kwa sekunde 44, mwingine kwa 30. Ili wote wawili warudi kwenye mahali walipoanza kwa wakati mmoja, unahitaji namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili, nayo ni 660. Sekunde 660 ni dakika 11! Kila soja peke yake alikuwa anasomeka kama kitabu, lakini wakiwa pamoja, mpangilio wao ulikuwa na urefu wa dakika 11, na hakuna binadamu atakayekaa kichochoroni dakika 11 akiusoma. Kwa mchezaji, hiyo haina tofauti na kete niliyokuwa nimeifuta. Nilikuwa nimeitoa mlangoni, ikarudi kwa dirisha.

Dawa ikawa kumpa Filimbi sekunde 22. Sasa kila mzunguko mmoja wa Tochi una mizunguko miwili ya Filimbi, na baada ya sekunde 44 kila kitu kinajirudia. Halafu nikaamua yeye apite mbele ya kijia wakati gani: sekunde ya 9 hadi 15, kisha 31 hadi 37. Angalia hiyo inamfanya nini yule mtu wa haraka aliyeondoka sekunde ya 4. Anaingia mlangoni sekunde ya 10. Nyuma yake tochi inamulika kichochoro. Mbele yake Filimbi anakatiza. Anabanwa katikati kwa sekunde 5 bila kuwa na pa kwenda, na yuko salama kabisa kama hatasogea. Yule mvumilivu anayefika kuanzia sekunde ya 19 anakuta uani peupe, anapita zake. Mwenye haraka analipa kwa presha, mvumilivu analipa kwa muda.

Kwa hivyo ukitengeneza yako, chukua mzunguko mmoja mkubwa, wengine wawe sawa nao ama nusu ama robo yake. Na kama unacheza tu na unahisi gemu fulani inakuonea palipo na walinzi wengi, hebu hesabu. Mara nyingi utakuta kila mlinzi ni wa haki, ila mizunguko yao haipatani.

Nimefikiria sana Fort Jesus wakati nikifanya hili, maana gemu yangu inaishia mbele ya lango lake. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na ukisimama juu utaona zile pembe zake zilizochomoza nje. Zimewekwa hivyo ili aliye kwenye pembe moja aweze kutazama na kupiga kando ya ukuta wa mwenzake, pasiwe na mahali adui anaweza kujibanza chini. Ile ni kazi ya mtu aliyetaka kusiwe na mwanya hata mmoja. Sisi wa gemu tuna kazi ya kinyume. Tunajenga ngome yenye mwanya, halafu tunafanya kila tuwezalo ili mtu asadiki kwamba haupo, hadi autazame vizuri.

Limebaki jambo moja ambalo linaharibu kazi yote hii ukiliacha. Soja akikushuku, anatoka njiani kuja kukutafuta. Lazima atoke, la sivyo ni treni tu. Tochi akisikia changarawe anasema "Nani hapo?", anakwenda pale pale sauti ilipotokea, anamulika kushoto, anamulika kulia, na baada ya sekunde 12 anakata tamaa. Sababu inaonekana, mahali panaonekana, mwisho unajulikana. Anapotoka njiani kwa sababu yako, unajua ni wewe umemtoa, na hapo unaweza hata kumtoa makusudi.

Lakini akirudi njiani je? Kwenye toleo langu alirudi tu na kuendelea pale alipoachia. Amechelewa sekunde 20 na kitu, Filimbi hajachelewa, basi ule mpangilio wa sekunde 44 umevunjika hadi mwisho wa gemu. Mchezaji aliyekuwa ameshaukariri anashikwa kwa jambo alilolijua vizuri. Hii ni mbaya kuliko kete, kwa sababu umemwadhibu kwa kujifunza.

Nilichofanya ni kuweka saa moja kwa masoja wote. Tochi akimaliza kutafuta, anarudi hadi kona ya juu, anasimama. Anafungua chupa ya chai. Anakunywa hadi ile saa ya pamoja ifike 0 tena, ndipo anaondoka. Muda mrefu kabisa atakaosimama ni sekunde 44. Watu wanadhani nimeweka chai kwa sababu ya ucheshi. Chai ni kiraka, na ninajivunia kiraka hicho kuliko picha zote za demo.

Bado sijashinda kila kitu. Ukimaliza demo mara nne au tano, woga unapungua, na huo ndio ukomo wa soja anayesomeka: akishasomwa, amekwisha. Rafiki yangu tunayetengeneza naye anataka turudishe kete hapo, aseme mzunguko ukibadilika watu watacheza tena. Mimi nimekataa njia, nimekubali jambo moja. Soja aruhusiwe kuwa na mizunguko miwili tofauti, lakini achague akiwa kona ya juu tu, na kila mmoja uwe na dalili yake. Akiondoka na tochi mkono wa kulia, ni ule wa kugeuka mita ya 15. Akiwa nayo mkono wa kushoto, atageuka mita ya 9. Kete ipo, ila unaonyeshwa imeangukia wapi kabla hujaweka mguu nje. Tunabishana bado.

Kipimo changu cha haki kimebaki kimoja. Mtu akishikwa, simwulizi kama amefurahia. Namwuliza: kwa nini umeshikwa? Akijibu "nilichelewa baada ya kikohozi", "nilikanyaga changarawe", "nilimsahau yule wa pili", nimefanya kazi yangu. Akijibu "sijui, ameniona tu", kosa ni langu, hata kama mahesabu yananitetea.

Jana binamu alishikwa na Filimbi uani. Nikamwuliza. Hakunitazama hata, vidole viko kwa simu tayari anaanza upya. "Niliharakisha," akasema. "Ningojee."